Kiolezo ni kimoja, hesabu si za pamoja

Ukifungua daftari la mapokezi la kikundi cha wafugaji nyuki kule Kibondo, kisha ukafungua la chama cha msingi cha ushirika kinachokusanya maharage Kasulu, utakuta safu zilezile: tarehe, namba ya mwanachama, kilo, bei, alicholipwa. Zao ni tofauti, lakini maswali yanayowasubiri viongozi kwenye mkutano ni yaleyale. Tumepokea kiasi gani, tumelipa kiasi gani, na nani bado anadai?

Kufanana huko ndiko kunakompa kazi mshauri elekezi mdogo. Ofisi ya watu wawili au watatu, yenye kompyuta mpakato na modemu, haiwezi kumtengenezea kila mteja dashibodi yake kuanzia sifuri. Inachoweza ni kutengeneza kiolezo kimoja kizuri, kuweka data ya kila mteja mahali pake, halafu kuiachia kompyuta ipite mteja mmoja baada ya mwingine. Wateja watano au arobaini, mpangilio ni uleule. Kosa likiingia nalo hurudiwa kwa wote arobaini kwa uaminifu uleule, na mara nyingi bila kelele yoyote.

Wazo lenyewe watu wa nyanda za juu za Kigoma wanalijua. Zahanati za Kibondo na za Kasulu hujaza vitabu vya MTUHA vya muundo mmoja, kila moja na wagonjwa wake, na takwimu zikishapanda kwenye mfumo wa DHIS2 kila wilaya huangalia za kwake. Wengine waliionja kazi ya data kupitia mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi za Nyarugusu upande wa Kasulu na Nduta upande wa Kibondo, ambako kujaza fomu ya KoboToolbox kwenye simu lilikuwa jambo la kawaida. Tofauti ni kwamba DHIS2 ina seva, wataalamu, na akaunti za watumiaji zinazoamua nani aone nini. Ofisi ndogo haina hayo. Ukuta wake kati ya mteja na mteja ni folda tu, kwa hiyo inabidi folda hizo zipangwe kwa akili.

Tuchukue mfano wa ofisi ya namna hiyo, tuipe wateja wa kubuni. Kikundi cha nyuki cha Kibondo tukiite KB-07, chama cha maharage cha Kasulu tukiite KS-11. Kila mwanachama ana namba inayoanza na alama ya kikundi chake, kwa mfano KB-07-031. Ndani ya kompyuta kuna folda ya `data`, na ndani yake kila mteja ana folda ndogo yenye faili la mapokezi. Kiolezo kimeandikwa kwa Quarto, programu ya bure iliyotoka rasmi mwaka 2022 na kuanza kutengeneza dashibodi kwenye toleo la 1.4 la mwaka 2024. Kichwa cha kiolezo kinasomeka hivi:

```yaml
format:
  dashboard:
    embed-resources: true
params:
  mteja: "HAKUNA"
```

Mstari wa mwisho unahitaji maelezo. Neno `mteja` ni nafasi iliyoachwa wazi ili ijazwe wakati kompyuta inatengeneza dashibodi ya kikundi fulani. Quarto hutaka nafasi hiyo iwe na thamani ya kuanzia, na wengi huandika mteja wa kwanza waliyemjaribia. Hapo ndipo pa hatari. Siku amri itakapokosewa na jina la mteja lisipitishwe, kompyuta haitalalamika. Itachukua thamani ya kuanzia na kumtengenezea kila mtu dashibodi ya huyo wa kwanza. Ukiandika HAKUNA, folda ya jina hilo haipo, kazi inakwama palepale na unajua.

Baada ya kichwa, kitu cha kwanza kiolezo kinachofanya ni kusoma data na kuikagua kabla ya kuchora chochote:

```r
njia <- file.path("data", params$mteja, "mapokezi.csv")
d <- readr::read_csv(njia, col_types = "Dcddd")
stopifnot(
  nrow(d) > 0,
  !anyNA(d),
  all(startsWith(d$mwanachama, params$mteja))
)
```

Masharti matatu hayo yanafanya kazi kubwa kuliko urefu wake. La kwanza linakataa faili tupu, na lina sababu: sharti la tatu huulizwa kwa mistari yote, na faili lisilo na mstari hata mmoja hulipita bila shida. La pili linakataa pengo. Katibu akiandika kilo 12,5 kwa mkato badala ya nukta, au tarehe 03/04/2025 ambayo haijulikani kama ni Aprili au Machi, programu hushindwa kuisoma kama ilivyoagizwa na kuacha pengo. Ukiwa mvivu unaiambia kompyuta ijumlishe huku ikiruka mapengo, jumla inatoka, inapendeza, na asali ya watu imepungua. Sharti la tatu linakataa mwanachama wa kikundi kingine. Hili hutokea kirahisi pale fomu ya simu inapokuwa moja kwa vikundi vyote na katibu anachagua jina la kikundi kwenye orodha. Kidole kikiteleza, mzigo wa Kibondo unasajiliwa Kasulu.

Data ikishapita hapo, hesabu zenyewe ni nyepesi. Tuseme KB-07 imepokea kilo 1,240 za asali kwa bei ya shilingi 6,000 kwa kilo. Thamani ni shilingi 7,440,000. Waliolipwa wamechukua shilingi 5,580,000, deni la kikundi kwa wanachama wake ni shilingi 1,860,000, yaani robo ya thamani ya mzigo wote. Dashibodi huonyesha thamani, malipo na deni juu kwa maandishi makubwa, chini yake grafu ya kilo kwa mwezi, na mwisho jedwali la wanaodai. Kwa KS-11 mpangilio hauguswi, ila panapoandikwa asali pataandikwa maharage. Jina la zao, jina kamili la kikundi na rangi ya kichwa havikai ndani ya kiolezo, vinakaa kwenye faili dogo la mipangilio ndani ya folda ya mteja.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo ofisi nyingi zinapochagua njia fupi. Njia fupi ni kuweka data ya wateja wote kwenye faili moja, kutengeneza dashibodi moja, na kuweka kichujio juu yake: chagua kikundi, uone cha kwako. Au kumtumia kila mteja dashibodi ambayo kichujio chake kimeshafungwa kwenye jina lake. Kwenye skrini inaonekana sawa kabisa. Lakini dashibodi ya aina hii ni faili la HTML, na jedwali lake la kutafuta na kupanga hubeba mistari yote ndani ya faili lenyewe. Kichujio huficha mistari hiyo machoni, haiondoi. Mtu yeyote akilifungua faili kwa programu ya maandishi, au akabonyeza Ctrl+U kwenye kivinjari cha kompyuta, atasoma namba za wanachama wa jirani, kilo zao na bei waliyouzia.

Kwa wakusanyaji wa asali hilo si jambo la nadharia. Vikundi viwili vya wilaya moja vinaweza kuwa vinauza kwa mnunuzi mmoja kwa bei tofauti. Kujua bei ya jirani ni silaha. Kwa hiyo kugawa data lazima kufanyike kabla kiolezo hakijafunguliwa. Kiolezo kinapotengeneza dashibodi ya KB-07 kisiwe kimeiona KS-11 kabisa, wala kisijue kama ipo.

Mzunguko wenyewe ni mistari michache. Kwenye faili la `wateja.txt` kuna alama za wateja, moja kila mstari:

```bash
: > walioshindwa.txt
for m in $(cat wateja.txt); do
  mkdir -p logi "wateja/$m"
  if quarto render dashibodi.qmd -P mteja:"$m" \
       --output "$m.html" 2> "logi/$m.txt"
  then mv "$m.html" "wateja/$m/"
  else echo "$m" >> walioshindwa.txt
  fi
done
```

Kompyuta inachukua alama ya kwanza, inatengeneza dashibodi, na ikifanikiwa tu ndipo inaihamishia kwenye folda ya kupelekewa mteja. Ikishindwa, inaandika jina la mteja kwenye orodha ya walioshindwa na kwenda kwa anayefuata. Anayekosea tarehe Kasulu hamzuii wa Kibondo kupata yake. Tuseme kila dashibodi inachukua sekunde 25, basi wateja arobaini wanamalizika ndani ya dakika kama 17.

Kuhamisha mwishoni kuna faida nyingine ambayo wanaokaa huku wataithamini. Mwaka 2022 wilaya hizi ziliunganishwa na gridi ya Taifa baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, lakini umeme kukatika bado ni sehemu ya maisha. Ukikatika katikati ya kazi, kilichoharibika ni faili ambalo halijahamishwa. Mteja anabaki na dashibodi yake ya wiki iliyopita, nzima, badala ya nusu dashibodi ya wiki hii.

Kuna kosa moja la mizunguko ya aina hii ambalo kila anayejenga dashibodi za namna hii angepaswa kulijua, kwa sababu halitoi ujumbe wowote. Quarto isipoambiwa vinginevyo haiweki picha za grafu ndani ya faili la HTML. Inaziweka kwenye folda ya pembeni inayobeba jina la kiolezo, si jina la mteja. Kiolezo kikiitwa `dashibodi.qmd`, folda inaitwa `dashibodi_files`. Sasa fuata mzunguko ambao faili za HTML hazihamishwi, zinabaki zote kwenye folda ya kiolezo. Mteja wa kwanza anatengenezewa grafu, inaingia kwenye folda hiyo. Wa pili anatengenezewa ya kwake, ina jina lilelile la faili, inaifuta ya kwanza. Mpaka mwisho, faili zote arobaini za HTML zinaelekeza kwenye picha moja, nayo ni ya mteja wa mwisho kwenye orodha.

Ubaya wake ni kwamba namba kubwa za juu ni sahihi, kwa kuwa zimeandikwa ndani ya HTML yenyewe. Picha tu ndiyo ya mtu mwingine. Mshauri anafungua dashibodi ya kwanza, anaona jumla inalingana na daftari, anaridhika. Anayegundua ni mwenyekiti wa kikundi aliyezeeka na mizinga, anayejua kila mwezi ulikuwaje: “Mwanangu, jumla ni yetu, lakini hii michoro si yetu. Sisi mwezi huo hatukuvuna hata ndoo moja.” Na ukimjibu kwamba huenda alisahau, umeshampoteza.

Dawa yake ni ule mstari wa `embed-resources: true` kwenye kichwa cha kiolezo, unaoagiza picha na kila kitu kingine vifungwe ndani ya faili moja. Faili linakuwa zito zaidi, lakini linasafiri lenyewe. Unaweza kulituma kwa WhatsApp kama waraka na likafunguka hata mahali ambapo mtandao umekata, jambo ambalo kwa vijiji vilivyo mbali na barabara ya lami ni afadhali kuliko kiungo cha tovuti. Hata hivyo usiishie kuuamini mstari mmoja. Andika jina la kikundi ndani ya grafu yenyewe, kwenye kichwa chake, lisomwe kutoka kwenye data. Picha ikipotea njia itakuwa imebeba jina la mwenyewe na jicho litaliona.

Kwa maandishi na majedwali, kompyuta inaweza kukagua yenyewe. Baada ya mzunguko kwisha, itafute alama ya mteja mmoja kwenye dashibodi zote:

```bash
grep -l "KB-07" wateja/*/*.html
```

Jibu linatakiwa kuwa faili moja tu, la KB-07 mwenyewe. Yakitoka mawili, hakuna kutuma kitu mpaka ijulikane kwa nini. Rudia kwa kila alama iliyo kwenye orodha. Ile alama ya kistari katikati ya KB na 07, ambayo inaonekana kama pambo, ina kazi yake hapa. Picha zinapofungwa ndani ya HTML hugeuzwa kuwa msururu mrefu wa herufi na tarakimu, na katika herufi milioni mbili tatu, KB07 inaweza kujitokeza kwa bahati tu na kukutia hofu ya bure. Msururu huo hautumii kistari. KB-07 ikionekana, imeandikwa.

Jambo la pili linaloharibika kimyakimya ni tarehe. Mzunguko hupangwa ufanye kazi wenyewe, tuseme kila Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri, ambayo kwenye kompyuta za Linux huandikwa `30 4 * * 1` ndani ya programu iitwayo cron. Katibu akiamka anakuta dashibodi mpya, juu imeandikwa tarehe ya leo. Lakini hiyo ni tarehe ya kompyuta kuchora. Kama simu ya mkusanyaji ilikufa wiki tatu zilizopita na hakuna mzigo ulioingizwa tangu hapo, dashibodi itaendelea kuchorwa upya kila Jumatatu na namba zilezile, ikiwa na sura ya upya. Viongozi watasimama mkutanoni wakisema deni ni shilingi 1,860,000 wakati limeshaongezeka.

Kwa hiyo tarehe inayostahili kukaa juu ni ya pokezi la mwisho lililomo ndani ya data, na iandikwe kwa sentensi ambayo mtu hawezi kuielewa vibaya: “Mzigo wa mwisho kuandikwa: 14 Juni.” Ikipita siku kadhaa mlizokubaliana na mteja, maandishi hayo yageuke rangi. Siku ngapi? Hapo kiolezo hakina jibu. Msimu wa mavuno ukimya wa siku saba ni dalili mbaya. Nje ya msimu, mwezi mzima bila kilo moja ni hali ya kawaida kwa wafuga nyuki, na onyo linalowaka muda wote huacha kusomwa. Kikomo hicho kiwekwe kwenye faili la mipangilio la kila mteja.

Na cron yenyewe ina tabia mbili zinazowachosha wageni. Inafanya kazi bila kujua programu zote unazozijua wewe ukiwa umekaa mbele ya skrini, hivyo amri iliyokubali mchana inaweza kukataa alfajiri kwa sababu tu haikuiona Quarto ilipo. Unaiandikia njia kamili ya programu, basi. Ya pili ni kwamba kompyuta ikiwa imezimwa saa hiyo, zamu imepita, haifidiwi. Kompyuta mpakato iliyofungwa na kubebwa kwenye basi la Kasulu haitafanya kazi ya Jumatatu alfajiri. Ofisi inayotegemea kompyuta ya kubebwa iache amri hiyo, iendeshe mzunguko kwa mkono asubuhi ofisini, na isome orodha ya walioshindwa kabla ya chai.

Shinikizo kubwa kwa mpangilio huu, hata hivyo, hutoka kwa wateja wenyewe. Mmoja anataka grafu ya nta. Mwingine anataka madeni yagawanywe kwa vijiji. Njia rahisi ni kunakili kiolezo, kukiita `dashibodi_KS11.qmd`, na kubadilisha mistari miwili. Miezi michache baadaye kuna nakala tisa, kosa la hesabu lililosahihishwa kwenye moja halijasahihishwa kwenye nane, na hakuna anayekumbuka ipi ni ipi. Afadhali ombi liingie kwenye kiolezo kilekile kama sehemu inayowashwa au kuzimwa na faili la mipangilio, hata kama itachukua siku mbili badala ya saa mbili. Na kama ombi haliwezi kuingia humo, hiyo ni kazi nyingine yenye bei yake, na mteja aambiwe hivyo mapema. Kwa maoni yangu ofisi ndogo hufa zaidi kwa nakala hizi kuliko kwa kukosa wateja.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume iliyoundwa nayo husajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa za watu. Kikundi kinachoandika majina na madeni ya wanachama ni mkusanyaji, na mshauri anayeyashughulikia kwa niaba yake ni mchakataji, awe na ofisi ya ghorofa Dar es Salaam au chumba kimoja karibu na stendi ya Kibondo. Ndiyo sababu nyingine ya kutumia namba ya mwanachama badala ya jina kila inapowezekana. Majina yabaki kwenye daftari la kikundi, ambako katibu atayaoanisha mwenyewe.

Mkataba ukifika mwisho, folda hurahisisha mambo. Mteja anakabidhiwa folda yake yote ya data, faili la mipangilio na dashibodi ya mwisho. Alama yake inafutwa kwenye `wateja.txt`, na mzunguko wa Jumatatu inayofuata hautamgusa. Nakala za akiba nazo zifutwe, kwenye diski ya nje na popote pengine zilipohifadhiwa, na hilo liandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano. Kinachobaki ni kiolezo, ambacho ni mali ya ofisi isipokuwa mkataba umesema vingine. Zile dashibodi za zamani zilizokwisha kutumwa kwa WhatsApp hazirudishwi na yeyote. Zitaendelea kufunguka kwenye simu za wajumbe wa kamati, wakiwemo waliokwisha kuondoka madarakani, na ndiyo maana makubaliano ya nani atumiwe faili lenye jedwali la wanaodai na nani atumiwe lenye jumla tu hufanywa na kamati kabla ya dashibodi ya kwanza kutoka.